Futnoti za kesi na sheria kwenye tasnifu: dalili, chanzo, na namna ya kurekebisha kabla mtahini hajaziona

Nianze na mfano, manake bila mfano tutazunguka tu. Hizi ni futnoti sita zinazofuatana, nimezitunga mimi kwa ajili ya kuelezea ila kesi na sheria zilizomo ni za kweli, na makosa yaliyomo ndo yale yale ninayokutana nayo kila nikisoma drafti za wenzangu wanaoandika tasnifu ya sheria kwa mtindo wa OSCOLA (naongelea toleo la nne la 2012, kama kitivo chako kimekwambia utumie toleo au mtindo mwingine basi fuata huo, ila magonjwa mengi ni hayahaya):

11 *R. (Miller) v. Secretary of State for Exiting the EU* [2018] UKSC 5, (2017) AC 61, para 43.

12 Human Rights Act, 1998, Section 6(1). Liversidge v Anderson [1941] AC 206, p. 244.

13 Ibid.

14 Miller (n 9) at [50].

15 Human Rights Act 1998 s.2(1)©

16 *Liversidge*, supra note 12, at 244.

Ukizisoma haraka unaona ziko poa tu, zina jina, zina mwaka, zina namba. Mtahini akizisoma anaona kitu kingine kabisa: hakuna hata moja iliyo sawa, afu kadhaa kati ya hizo zinampeleka sehemu ambayo siyo. Na hapo kuna tofauti ambayo inabidi uishike toka mwanzo. Kuna kosa la sura, yaani nukta au koma iliyokaa vibaya, hilo linakukata maksi kidogo kidogo. Afu kuna kosa la kumpoteza msomaji, anafuata rejea yako hakuti ulichosema, na hilo ndo linalomfanya mtahini aanze kushuku utafiti mzima. Nitaanza na haya ya kupoteza msomaji manake ndo mazito.

Dalili: namba ndani ya (n …) inaelekeza kwenye futnoti isiyo na kesi hiyo

Angalia futnoti ya 14. Inasema Miller iko kwenye futnoti ya 9, wakati rejea kamili iko ya 11. Ilikuaje? Siku mwandishi anaiandika, Miller kweli ilikuwa ya 9. Baadae akaongeza aya mbili mbele zenye futnoti mbili mpya, Word ikasukuma namba zote juu zenyewe, lakini ile 9 aliyoiandika kwa mkono ndani ya mabano ikabaki palepale. Namba ya futnoti yenyewe ni hai, namba uliyochapa kwa kidole ni maandishi tu, haijui kama kuna kitu kimehama.

Dawa ni kutochapa hiyo namba kabisa. Unaandika jina fupi, unafungua mabano, unaandika n na nafasi, afu unaenda References > Cross-reference. Kwenye Reference type unachagua Footnote, kwenye Insert reference to unachagua Footnote number, unabonyeza ile futnoti yenye rejea kamili, halafu Insert, unafunga mabano. Usichague ile Footnote number (formatted), hiyo inakuletea kanamba kadogo ka juu, haitakiwi hapo.

Sasa hapa ndo wengi wanakwama na nimeona watu wakikesha kwa ajili hii. Umeweka rejea zote kwa njia hiyo nzuri, umeongeza futnoti mpya, lakini namba kwenye mabano bado ni za zamani. Hujakosea, hizo namba hazijisasishi zenyewe muda huohuo, mpaka uziambie. Watu wanabonyeza Ctrl+A afu F9 wakiwa kwenye maandishi ya kawaida, wanaangalia futnoti, hakuna kilichobadilika, wanakata tamaa wanarudi kuchapa kwa mkono. Tatizo ni kwamba Ctrl+A ukiwa juu inachagua maandishi ya juu tu, futnoti zina chumba chao. Inabidi ubonyeze ndani ya futnoti yoyote ile kwanza, kasa iwe inawakawaka hukohuko chini, ndo ubonyeze Ctrl+A, zitachaguliwa futnoti zote, afu F9. Zote zinajirekebisha mara moja. Mimi tasnifu yangu ya kwanza niliipeleka kwa msimamizi nikiwa na uhakika kabisa kwamba nimeshafanya F9, akanirudishia kurasa tatu za kwanza zimezungushiwa wino mwekundu kwenye kila (n …), na alikuwa sahihi, sikuwa nimeingia chini.

Ukishafanya hivyo angalia vitu viwili. Kwanza tafuta neno Error! kwenye faili zima. Kama ulifuta futnoti iliyokuwa na rejea kamili, zile zote zilizokuwa zinaielekea zitageuka kuwa Error! Bookmark not defined. na ukilipeleka hivohivo kwenye PDF linabaki hapo kwa herufi nzito, hakuna mtahini asiyeliona. Pili, soma namba zilizo ndani ya mabano ukilinganisha na namba ya futnoti yenyewe. Ikiwa futnoti ya 14 inasema (n 30), kuna kitu, manake rejea kamili imekuja baada ya rejea fupi. Hii hutokea ukihamisha aya kutoka nyuma kwenda mbele, aya inahama na rejea yake fupi, rejea kamili inaachwa nyuma. Word itakusasishia namba vizuri kabisa ila mpangilio utakuwa umepinduka, kwa hiyo unatakiwa ubadilishe wewe: rejea kamili ihamie ya 14, ile ya 30 iwe fupi.

Kitu kingine hapohapo, (n …) inaelekea kwenye futnoti ya kwanza yenye rejea kamili, haielekei kwenye mahali pa mwisho ulipoitaja. Nimeona minyororo: futnoti ya 40 inasema (n 33), ukienda 33 inasema (n 21), ukienda 21 inasema (n 11). Msomaji amezungushwa mara tatu kwa kesi moja. Na kama namba za futnoti zinaanza upya kila sura, basi rejea kamili irudiwe mara ya kwanza kwenye kila sura, manake (n 11) ya sura ya nne haijulikani ni 11 ya sura gani. Hata ukiwa unaandika kila sura kwenye faili lake, Cross-reference haivuki kutoka faili moja kwenda jingine, kwa hiyo usitegemee.

Dalili: ibid inasema kitu ambacho hukukimaanisha

Futnoti ya 13 inasema Ibid. tu. Mwandishi alitaka kusema kifungu cha 6(1) cha Human Rights Act. Lakini futnoti ya 12 ina vitu viwili, sheria na kesi, na ibid ikifuata futnoti yenye vyanzo viwili maana yake ni vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo mtahini anasoma sentensi inayosema taasisi ya umma haitakiwi kwenda kinyume na haki za mkataba, anaangalia chini, anaambiwa kwamba Liversidge, kesi ya wakati wa vita kuu ya pili, nayo inasema hivyo. Haisemi. Hapo siyo suala la nukta tena, umedai kitu kisicho cha kweli kuhusu kesi.

Chanzo cha pili cha ibid mbovu ni kilekile cha kuongeza futnoti katikati. Ulikuwa na kesi futnoti ya 20, ibid ya 21, ukaongeza futnoti ya kitabu katikati, sasa ibid imekuwa ya 22 na inakielekea kitabu. Na tofauti na (n …), hakuna F9 ya kuiokoa ibid, haina kiungo chochote.

Ninachofanya, na nakushauri kwa dhati, ni kutoandika ibid hata moja wakati naandika drafti. Kila mahali naweka jina fupi na (n …) hata kama futnoti zinafuatana. Siku ambayo hakuna kitakachohama tena, msimamizi ameshasema sawa, ndo napita kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho nikibadilisha zile zinazofuatana moja kwa moja. Inachukua jioni moja. Kwenye OSCOLA ibid inaandikwa kwa herufi ndogo hata ikiwa mwanzo wa futnoti, na hailazwi italiki. Word itakusumbua hapo, itaigeuza kuwa Ibid kila ukibonyeza nafasi, kazime: File > Options > Proofing > AutoCorrect Options, toa tiki kwenye Capitalize first letter of sentences. Ibid peke yake ni mahali palepale kabisa, ukiwa unataka ukurasa mwingine wa chanzo hichohicho unaandika ibid 245 bila p wala at. Na hizi supra, op cit, loc cit kama ile ya futnoti ya 16, ondoa zote, mtindo huu hauzitumii.

Dalili: jina fupi moja, kesi mbili

Hili ndo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote kwenye futnoti zile sita, na halionekani kwa macho. Futnoti ya 14 inasema Miller, aya ya 50. Sentensi iliyoko juu yake inahusu kusitishwa kwa bunge, kwamba uamuzi wa kulisitisha ni batili kama unalizuia bunge kufanya kazi yake bila sababu ya msingi. Ukiifuata rejea unaenda Miller ya 2017, ambayo inahusu kama serikali inaweza kuanzisha mchakato wa kutoka Umoja wa Ulaya bila sheria ya bunge. Aya ya 50 ya hukumu hiyo haina habari ya kusitisha bunge. Mwandishi alikuwa anamaanisha Miller ya 2019, *R (Miller) v Prime Minister*, na huko ndiko aya ya 50 inasema hicho anachodai. Kesi ya pili hajawahi kuitaja kwa ukamilifu popote, kichwani kwake Miller ni Miller.

Mdai ni mmoja, mahakama ni moja, miaka miwili tu kati yake, kwa hiyo ni rahisi sana kuchanganya. Suluhisho ni kuamua jina fupi siku ya kwanza unapoingiza kesi, na kuliandika kwenye mabano mwishoni mwa rejea kamili: (*Miller I*) na (*Miller II*). Baada ya hapo usitumie Miller tupu hata mara moja, siyo kwenye futnoti wala kwenye maandishi ya juu.

Kesi zinazoanza na R nazo zina mtego wake. Jina fupi la *R v Evans* ni *Evans*, siyo R, na kama tasnifu yako ni ya jinai utakuwa na Evans wawili, Smith watatu, Brown wanne. Tengeneza faili dogo pembeni, kila kesi mstari wake, jina kamili, jina fupi, rejea. Kabla hujaongeza kesi mpya angalia kama jina fupi lake lipo tayari.

Sheria zina shida hiyohiyo kwa sura nyingine. Mtu anaandika DPA tasnifu nzima. DPA ipi? Kuna Data Protection Act 1998 na kuna Data Protection Act 2018 iliyochukua nafasi yake, na vifungu havifanani namba. Kama unalinganisha za zamani na za sasa, kila kifupi kibebe mwaka wake, DPA 1998, DPA 2018. Hapo hapo jiulize kifungu unachonukuu kilikuwa kinasomekaje wakati wa kesi unayoijadili, manake ukifungua sheria mtandaoni leo unaweza kuwa unaona maandishi yaliyorekebishwa wakati jaji alikuwa anaongelea ya mwanzo.

Dalili: miaka na mabano havielewani

Sasa tuje futnoti ya 11. Imeandikwa [2018] UKSC 5, (2017) AC 61. Mwandishi aliona miaka miwili tofauti, akadhani kuna moja imekosewa, akaigeuzageuza. Kumbe yote miwili ilikuwa sawa toka mwanzo: [2017] UKSC 5, [2018] AC 61. Ile ya kwanza ni namba ambayo mahakama yenyewe inaipa hukumu, ni hukumu ya 5 ya Mahakama ya Juu ya Uingereza kwa mwaka 2017, ilitoka Januari mwaka huo. Ya pili ni kitabu cha ripoti, Appeal Cases cha 2018, ukurasa wa 61. Hukumu hutangulia, kitabu huchapwa baadae, kwa hiyo miaka ikitofautiana usishtuke na usiirekebishe.

Futnoti ya 12 ina kosa hilo kwa upande mwingine. Liversidge iliamuliwa Novemba 1941, mwandishi anajua historia yake vizuri, akaweka [1941]. Lakini ripoti iko kwenye kitabu cha 1942, na ukiomba [1941] AC ukurasa wa 206 unapata kitu kingine. Mwaka ndani ya mabano ya mraba siyo mwaka wa tukio, ni jina la kitabu.

Na hapo ndo kuna siri ya mabano ambayo ukiielewa hutokariri tena. Mabano ya mraba yanatumika pale ambapo huwezi kupata kitabu bila mwaka, manake vitabu vinahesabiwa kwa mwaka. Mabano ya duara yanatumika pale ambapo vitabu vina namba zake mfululizo na mwaka ni taarifa ya ziada tu. *Rylands v Fletcher* (1868) LR 3 HL 330: ni kitabu cha 3 cha mfululizo ule, ukiufuta mwaka bado unakipata. *Donoghue v Stevenson* [1932] AC 562: ukifuta 1932 umepotea. Kwa hiyo jaribio ni hilo, ziba mwaka kwa kidole, jiulize kama bado ungekipata kitabu.

Kwa kesi za zamani ambazo hazina namba ya mahakama yenyewe, ongeza mahakama kwenye mabano baada ya ukurasa wa kwanza: [1932] AC 562 (HL). Watu wanaiacha wakidhani AC inatosha, haitoshi, AC ina kesi za House of Lords na pia za Privy Council, na uzito wake kama kanuni ya kufuatwa siyo sawa. Kwa zenye UKSC au EWCA Civ usiiongeze, mahakama imeshajitaja.

Swali naloulizwa sana ni ripoti ipi utumie kama kesi imechapwa sehemu tano. Chagua The Law Reports kwanza (AC, QB, Ch, Fam), kama haimo ndo WLR au All ER. Moja inatosha. Ukipanga zote tano futnoti inakuwa treni, na mtahini anaona hujui ipi ni bora. Usibandike linki ya Westlaw wala ya BAILII kwa kesi iliyoripotiwa.

Dalili: aya na kurasa zimeandikwa kila aina

Para 43, at [50], p. 244, at 244, zote ndani ya futnoti sita. Hakuna kosa kubwa hapa ila ndo panapoonekana haraka kwamba futnoti zimekopiwa kutoka sehemu tofauti, kitabu hiki kinaandika hivi, makala ile vile, na wewe umepesti. Kanuni ni fupi: hukumu yenye aya zenye namba, weka namba ya aya kwenye mabano ya mraba, [43]. Hukumu isiyo na namba za aya, weka namba ya ukurasa tupu, 244. Hakuna para, hakuna p, hakuna at. Mfululizo wa aya ni [42]–[45], kila namba na mabano yake, siyo [42–45].

Kwa sheria ni fupi zaidi. Jina la sheria na mwaka bila koma katikati, bila italiki, afu koma, afu s bila nukta: Human Rights Act 1998, s 6(1). Vifungu vingi ni ss. Kwenye maandishi ya juu unaandika neno zima, kwenye futnoti kifupi. Na kama juu umeshataja jina la sheria, mwaka na kifungu, futnoti haihitajiki kabisa.

Futnoti ya 15 ina ile alama ya hakimiliki mwishoni, na najua wengine mmeshaiona kwenu mkashangaa. Ni AutoCorrect tena. Ukiandika kifungu kidogo cha herufi c kwenye mabano, Word inadhani unataka alama ya hakimiliki, na r inageuzwa vilevile kuwa alama ya nembo iliyosajiliwa. Bonyeza Ctrl+Z mara moja palepale inarudi, au nenda kwenye AutoCorrect Options ufute kabisa hiyo safu. Na kati ya s na namba weka nafasi isiyokatika, Ctrl+Shift+Space, isije s ikabaki mwisho wa mstari na 6 ikaangukia chini.

Dalili: rejea imekaa sawa kabisa ila mtahini anasema siyo

Hii inauma kwa sababu kwa macho hakuna kosa. Liversidge, ukurasa wa 244. Maneno uliyonukuu yapo kweli ukurasa huo, ni ya Lord Atkin, kwamba sheria hazinyamazi katikati ya mlio wa silaha. Lakini juu umeandika "mahakama iliamua kwamba". Haikuamua. Lord Atkin alikuwa peke yake, wenzake wanne waliamua kinyume. Ukinukuu hukumu ya wachache na kuiita ya mahakama umegeuza kesi juu chini, na mtahini wa sheria ya katiba hata hahitaji kufungua kitabu kujua hilo. Weka jina la jaji na hali yake kwenye mabano: 244 (Lord Atkin dissenting), na juu andika Lord Atkin alisema, siyo mahakama ilisema.

Kwa nini inatokea? Mara nyingi ni kwa sababu mtu hajasoma hukumu, amechukua nukuu kutoka kwenye kitabu cha kiada pamoja na namba ya ukurasa. Kitabu kilikuwa kimeshaeleza kwamba ni ya wachache sentensi mbili kabla, wewe ukachukua nukuu tu. Dalili nyingine ya ugonjwa huu ni namba ya ukurasa ambayo ni ya WLR au All ER wakati rejea yako ni ya AC. Kurasa za ripoti moja haziendani na za nyingine. Mfano namba ya ukurasa ikiwa ndogo kuliko ukurasa wa kwanza wa kesi, kama [1942] AC 206 (HL) 140, hapo huhitaji hata kufungua kitabu.

Na kuna wanaonukuu muhtasari ulioko juu ya ripoti wakidhani ni maneno ya jaji. Ule ameandika mhariri wa ripoti. Kama nukuu yako inatoka kurasa za mwanzomwanzo kabla hakuna jina la jaji yeyote lililotokea, rudi uangalie.

Zile sita, zikiwa zimerekebishwa

11 *R (Miller) v Secretary of State for Exiting the European Union* [2017] UKSC 5, [2018] AC 61 [43] (*Miller I*).

12 Human Rights Act 1998, s 6(1); *Liversidge v Anderson* [1942] AC 206 (HL) 244 (Lord Atkin dissenting).

13 Human Rights Act 1998, s 6(1).

14 *R (Miller) v Prime Minister* [2019] UKSC 41, [2020] AC 373 [50] (*Miller II*).

15 Human Rights Act 1998, s 2(1)(c).

16 *Liversidge* (n 12) 244 (Lord Atkin dissenting).

Angalia ya 13 sikuweka ibid ingawa inafuata 12, sababu ni ile niliyoieleza. Ya 14 imekuwa rejea kamili manake ndo mara ya kwanza kesi hiyo inatokea. Ya 12 sheria imetangulia kesi, ndo mpangilio wake. Majina ya kesi yamelazwa italiki pamoja na v yake, na v haina nukta, wala R haina. Kila futnoti inaishia na nukta. Kwenye orodha ya kesi inayokaa mwanzo wa tasnifu majina yaleyale hayalazwi italiki, yanasimama, na hapo wengi wanakopi kutoka kwenye futnoti bila kuondoa mlalo.

Siku ya kukabidhi, kasa ikiwa ndani ya futnoti, fungua Ctrl+H na upite moja baada ya nyingine, usibonyeze Replace All. Tafuta v. yenye nukta, para, supra, Section, p. na Ibid ya herufi kubwa. Afu Ctrl+A, F9 hukohuko chini. Toa PDF, tafuta Error! kwenye PDF yenyewe siyo kwenye Word. Halafu chukua orodha ya kesi, chagua kesi kumi unazozitegemea zaidi kwenye hoja, fungua hukumu yenyewe kwenye ile aya au ukurasa ulioutaja, na usome sentensi yako na sentensi ya jaji pamoja. Kwa kawaida kati ya kumi utakuta moja au mbili zinazohitaji kubadilishwa namba, na nyingine inayohitaji kubadilishwa sentensi ya juu.